Majibu ya Maabara na Ripoti ya Eksirei Kutoka Moshi: Namna ya Kuyatafsiri kwa Daktari wa Ng'ambo

Msimu wa kupanda mlima ukikolea, hospitali za Moshi na Arusha hupokea wageni walioshushwa Kilimanjaro kwa machela ya gurudumu moja. Wengi hulazwa siku mbili tatu, wakapata nafuu, wakapanda ndege kurudi kwao na bahasha ya kaki mkononi. Ndani yake kuna majibu ya maabara yaliyochapwa kwenye mashine, fomu zilizojazwa kwa mkono, ripoti ya eksirei na karatasi ya ruhusa. Daktari wao wa kule na kampuni ya bima wanataka vyote hivyo kwa lugha yao, na hapo ndipo mtafsiri wa Moshi anapopigiwa simu.

Nachukulia kwamba lugha unayotafsiria unaijua vizuri. Kinachosumbua katika kazi hii ni tarakimu, alama na herufi mbili mbili ambazo kila mtu anadhani anazielewa. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Nimeutunga kwa kuchanganya mambo yanayojirudia kwenye karatasi za namna hii, kwa hiyo usimtafute mgonjwa wake: mwanamume Mjerumani wa miaka 61, amepandia njia ya Machame, akaanza kubanwa na pumzi juu ya mlima, akateremshwa hadi geti la Mweka na kufikishwa hospitali ya mjini jioni ya tarehe 4 Februari. Madaktari walihisi mapafu yamejaa maji kwa sababu ya mwinuko, lakini hawakutaka kusahau moyo wala damu iliyoganda. Tafsiri inakwenda kwa daktari wa familia yake huko Ujerumani.

Hatua ya kwanza: omba karatasi zote, pamoja na zile anazoziona za kutupa

Mteja atakutumia picha ya majibu kwa WhatsApp na kudhani amemaliza. Mwombe pia fomu ya kuomba kipimo, ile anayoijaza daktari kabla damu haijatolewa. Huko ndiko kunakoandikwa daktari alikuwa anatafuta nini, damu ilitolewa saa ngapi na nani aliitoa. Bila fomu hiyo, nusu ya vifupisho vilivyomo kwenye ripoti hutaweza kuvifungua. Omba pia picha zenyewe za eksirei kwenye sidii au faili la DICOM. Hutazitafsiri, lakini daktari wa kule atataka kuziangalia kwa macho yake, na picha ya filamu iliyopigwa kwa simu mbele ya dirisha haimsaidii.

Pata idhini ya mgonjwa kwa maandishi, hata mistari miwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na wewe unazipeleka nje ya nchi. Faili usilipe jina la mgonjwa. Namba ya kazi yako inatosha.

Hatua ya pili: usinakili tarakimu kutoka kwenye faili bila kuliangalia kwa jicho

Maabara nyingi sasa zinatoa majibu kwa PDF, na mtafsiri mwenye haraka huchagua maandishi, akayanakili na kuyabandika kwenye jedwali lake. Hapo alama mbili hupotea kimyakimya. Ya kwanza ni kipeo. Chembe nyeupe za damu huhesabiwa kwa 10⁹ kwa lita. Ukinakili, ile 9 ndogo ya juu hushuka na kuwa tarakimu ya kawaida, na unabaki na 109. Msomaji mwenye uzoefu atacheka na kuelewa. Karani wa bima hatacheka, ataingiza 109.

Ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu haichekeshi. Ni herufi ya Kigiriki µ, inayosimama kwa sehemu moja ya milioni. Kwenye baadhi ya mafaili herufi hiyo hutoka kwenye fonti ya alama, na ukiibandika kwingine hugeuka kuwa m ya kawaida. Ndipo µmol inakuwa mmol, na µg inakuwa mg, na jibu linakuwa kubwa mara 1,000 huku likionekana safi kabisa. Kwa hiyo fungua faili la asili upande mmoja wa kioo, jedwali lako upande wa pili, na kila palipo na µ ipige mwenyewe kwenye kibodi.

Majibu ya mgonjwa wetu, yakishaandikwa upya kwa uangalifu, yanaonekana hivi:

```
Hb        17.4 g/dL       13.0-17.0   H
WBC       9.8 x10^9/L     4.0-10.0
PLT       168 x10^9/L     150-400
Creat     124 µmol/L      62-106      H
hs-TnI    18 ng/L         <34
D-dimer   0.58 mg/L FEU   <0.50       H
```

Hatua ya tatu: namba, yuniti na kiwango cha kawaida ni kitu kimoja

Hii ndiyo kanuni ambayo kazi nzima imesimama juu yake. Kila mstari wa majibu una namba, yuniti yake, na kiwango ambacho maabara hiyo inakihesabu kuwa cha kawaida. Hivyo vitatu vinasafiri pamoja kama vilivyochapwa, pamoja na herufi ya H au L inayoonyesha kwamba jibu liko juu au chini.

Kishawishi kikubwa ni kuweka kiwango cha Ujerumani badala ya kile cha Moshi, ili daktari wa kule "asichanganyikiwe". Usifanye hivyo. Kiwango cha kawaida kinategemea mashine, kemikali zinazotumika, jinsia na umri wa mgonjwa, na watu ambao kiwango kilipimwa kwao. Hospitali mbili za mji mmoja zinaweza kuwa na viwango tofauti vya kipimo kilekile, na zote zikawa sahihi. Hemoglobini ya 17.4 imewekewa H kwa sababu maabara hii inaishia 17.0. Ukichukua kiwango cha juu kidogo kutoka kwenye kitabu, H inakosa maana. Ukiifuta ili mambo yalingane, umeshatoka kwenye tafsiri na kuingia kwenye udaktari. Kwamba mtu aliyekaa siku kadhaa mlimani damu yake hukolea kidogo, daktari analijua hilo bila wewe.

Karatasi isipokuwa na kiwango chochote, jambo la kawaida kwenye majibu yaliyoandikwa kwa mkono, andika kwa lugha ya msomaji kwamba kiwango hakikuchapwa kwenye karatasi ya asili. Pengo lililotajwa linamsaidia daktari kuliko kiwango cha kuazima. Vivyo hivyo kwa alama ya < iliyosimama mbele ya jibu. Maana yake ni kwamba mashine haikuweza kupima chini ya hapo. Ukiiacha, umempa mgonjwa namba ambayo hakuna aliyeipima.

Kuna jambo moja ambalo mimi hulibadilisha ndani ya jedwali, nalo ni nukta ya desimali, kwa sababu Wajerumani hutumia mkato pale sisi tunapoweka nukta, na nukta pale tunapoweka mkato. 17.4 yetu ni 17,4 yao. Wapo watafsiri wanaoacha nukta kama ilivyo, na hoja yao si mbaya: hakuna kilichoguswa. Lakini hebu fikiria chembe sahani zilizoandikwa kwa mkono 168,000. Mjerumani anaweza kuisoma kama mia moja sitini na nane kamili, yenye desimali tatu za sifuri. Kwa sababu hiyo mimi nageuza zote, naandika juu ya jedwali kwamba nimegeuza, na maelfu nayatenga kwa nafasi tupu badala ya nukta au mkato: 168 000. Njia yoyote utakayoichagua, usiichanganye na nyingine ndani ya waraka mmoja.

Hatua ya nne: ukigeuza yuniti, geuza pembeni

Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, maabara zetu nyingi huitoa kwa µmol/L. Daktari wa Ujerumani mara nyingi amezoea mg/dL. Anaweza kugeuza mwenyewe, lakini ukimgeuzia unamwokolea muda, ilimradi aone wazi kwamba hiyo ni hesabu yako na si jibu la maabara. Jibu la asili linabaki kwenye safu yake. Hesabu yako inakwenda kwenye safu nyingine yenye kichwa kinachosema "imekokotolewa na mtafsiri".

Kwa kreatinini unagawanya kwa 88.4:

```
124 / 88.4 = 1.40 mg/dL
62  / 88.4 = 0.70 mg/dL
106 / 88.4 = 1.20 mg/dL
```

Kiwango nacho kimegeuzwa pamoja na jibu. Hapo ndipo wengi hukwama: wanageuza jibu kuwa 1.40 na kuliacha kando ya 62 hadi 106, msomaji akaona figo ambazo hazijawahi kuwepo duniani. Tena, kikokotoo kinaonyesha 1.4027, lakini maabara ilitoa tarakimu tatu tu, kwa hiyo ishia tarakimu tatu. Ukiandika zote, unadai usahihi ambao mashine haikuwa nao.

Mahali pazuri pa kujikagua ni ile H. Kabla ya kugeuza, jibu lilikuwa juu ya kiwango. Baada ya kugeuza, 1.40 iko juu ya 1.20, kwa hiyo bado liko juu. Kama jibu lililokuwa juu limeangukia katikati baada ya hesabu yako, umetumia namba isiyo yake. Hilo hutokea sana kwenye yurea, maana nchi nyingine hupima yurea nzima na nyingine hupima naitrojeni iliyomo ndani yake tu. Namba mbili hizo zinapishana zaidi ya mara mbili, na zote huandikwa kwa mg/dL. Usipokuwa na hakika daktari wa kule anatumia ipi, yurea usiiguse.

Hatua ya tano: kipimo kisichogeuzwa

D-dima ni kipimo kinachoonyesha kama mwilini kuna damu iliyoganda na kuanza kuyeyushwa. Mgonjwa wetu amepata 0.58. Tazama tena mstari wake: baada ya mg/L kuna herufi tatu, FEU. Mtafsiri anayepanga safu zake vizuri huona herufi hizo zinaharibu upana wa jedwali, akaziondoa. Hizo ndizo herufi zenye uzito kuliko zote kwenye karatasi hii.

D-dima hupimwa kwa njia mbili. Moja huhesabu uzito wa D-dima yenyewe, na huandikwa DDU. Nyingine hulinganisha na uzito wa protini ya kugandisha damu iliyokuwepo kabla haijavunjwa, nayo huandikwa FEU. Damu ileile ikipimwa kwa njia ya pili hutoa namba iliyo kubwa takriban mara mbili. Neno ni hilo "takriban". Uhusiano huo hubadilika kutoka kemikali hadi kemikali, na ndiyo sababu hapa hugeuzi kitu, hata pembeni.

Sasa angalia linalotokea. Kwa wagonjwa waliovuka miaka 50, ambao dalili zao hazielekezi sana kwenye damu iliyoganda, madaktari wengi hutumia mpaka unaopanda na umri: umri mara 10, kwa mikrogramu kwa lita za FEU. Kwa miaka 61 mpaka ni 610, yaani 0.61 mg/L. Maabara yetu imeweka H kwa sababu mpaka wake ni 0.50 kwa watu wote, lakini daktari wa Ujerumani akiona 0.58 FEU anaweza kuamua kwamba iko chini ya mpaka wa umri huo. Ondoa FEU, naye akadhani ni DDU: 0.58 inakuwa kama 1.16 kwa kipimo cha FEU, juu kabisa ya mpaka, na mgonjwa anapelekwa kwenye kipimo cha mionzi kwa sababu ya herufi tatu zilizofutwa. Kinyume chake nacho kinawezekana, nacho ni kibaya zaidi. Na kwa kuwa mpaka unategemea umri, tarehe ya kuzaliwa uikague kwenye pasipoti, usiitoe kwenye kibandiko cha chupa ya damu.

Kama karatasi haina FEU wala DDU, piga simu maabara. Mtaalamu wa maabara atafungua karatasi ya maelezo iliyomo kwenye boksi la kemikali na kukusomea. Mpaka uliochapwa unaweza kukudokeza, kwa kuwa 0.50 ni ya kawaida kwa FEU na karibu nusu yake kwa DDU, lakini kudokezwa hakutoshi kuandika. Usipompata mtu, sema kwenye maelezo ya mtafsiri kwamba aina ya yuniti haikutajwa.

Hatua ya sita: saa za Kiswahili

Hapa ndipo mtafsiri wa kwetu anapomzidi yeyote aliyekaa Berlini na kamusi yake. Troponini, kipimo cha jeraha la moyo, hurudiwa baada ya saa kadhaa ili kuona kama inapanda. Kwa mgonjwa wetu ya kwanza ilikuwa 18 na ya pili 19, yaani haikuondoka ilipokuwa. Lakini kutulia kwa namba hizo kuna maana tu ukijua zimepishana saa ngapi. Muuguzi ameandika kwenye fomu ya kwanza "saa 2:10 usiku, 4/2" na kwenye ya pili "saa 8:15 usiku, 4/2".

Asiyejua saa zetu ataandika 02:10 na 20:15. Atakuwa amepata pengo la saa 18, na sampuli ya kwanza itaonekana imetolewa alfajiri, mgonjwa akiwa bado yuko mlimani. Ukweli ni 20:10 na 02:15, pengo la saa sita na dakika tano. Kuna na tarehe pia. Kwa muuguzi, saa 8 usiku bado ni zamu ileile na usiku uleule wa tarehe 4. Kwa kalenda ya daktari wa kule, saa sita usiku imeshapita na siku ni tarehe 5.

Usibadilishe kwa kukisia. Tafuta muhuri wa kompyuta ya maabara unaoonyesha sampuli ilipokelewa lini. Kwetu unasema 05/02, 02:40, na hilo linathibitisha. Kwenye tafsiri andika 5 Februari, 02:15, halafu kwenye maelezo useme kwamba fomu ya asili imeandikwa usiku wa tarehe 4 kwa saa za Kiswahili, na kwamba muhuri wa kupokelewa umetumika kuhakikisha. Andika mwezi kwa jina lake, maana nakala ikimfikia mtu wa bima aliyeko Marekani, 05/02 kwake ni Mei. Saa zote ziwe za Afrika Mashariki, na useme hivyo mara moja mwanzoni.

Ukiwa hapo hapo kwenye mwandiko wa mkono, kumbuka sehemu zisizo sehemu. Daktari akiandika 2/7 kwenye historia ya ugonjwa, anasema siku mbili. 2/52 ni wiki mbili, 2/12 ni miezi miwili. Nje ya nchi zilizorithi mtindo wa Waingereza watu wengi hawaijui alama hiyo na wataisoma kama tarehe. Iandike kwa maneno. Na alama # kwenye karatasi za majeruhi ni mfupa uliovunjika.

Hatua ya saba: ripoti ya eksirei na herufi mbili zenye maana tatu

Fomu ya kuomba eksirei ya mgonjwa wetu inasema hivi, kwa mwandiko wa kukimbia:

```
61M, SOB 2/7, ?PE
```

Ni mwanamume wa miaka 61, pumzi zinambana kwa siku mbili, na baada ya alama ya kuuliza kuna PE. Alama ya kuuliza ikitangulia neno maana yake ni shaka ya daktari, na lazima ionekane kwenye tafsiri kama shaka. Lakini PE ni nini? Kwenye karatasi za hospitali zetu inaweza kuwa damu iliyoganda na kuziba mshipa wa pafu. Inaweza kuwa maji yaliyojaa kwenye utando unaozunguka pafu. Inaweza pia kuwa uchunguzi wa mwili, pale daktari anapoanza kuandika alichokiona kwa kumpima mgonjwa kwa mikono. Kwenye fomu hii, kwa kuwa D-dima iliombwa jioni ileile, ya kwanza ndiyo yenye nguvu.

Kisha fungua ripoti ya daktari wa mionzi. Mwishoni kaandika kwamba hakuna PE. Ukiwa umeshaamua kwamba PE ni damu iliyoganda, utaandika kwa lugha ya msomaji kwamba damu iliyoganda haipo. Hapo umempa mgonjwa uhakika ambao eksirei ya kawaida ya kifua haina uwezo wa kuutoa. Mshipa wa pafu ulioziba hauthibitishwi wala kukanushwa kwa eksirei hiyo. Kinachohitajika ni sitiskani yenye dawa ya kung'arisha mishipa, na mgonjwa wetu hakupigwa. Daktari wa mionzi alikuwa anazungumzia maji kwenye utando, kitu ambacho eksirei inakionyesha. Herufi zilezile, mgonjwa yuleyule, karatasi mbili, maana mbili.

Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya kila kifupisho cha ripoti ya mionzi ni hili: je, picha ya aina hii inaweza kuonyesha kitu hicho? Kama haiwezi, tafuta maana nyingine, kisha mpigie daktari aliyesaini akuthibitishie. Akithibitisha, andika neno kamili, na kifupisho cha asili kikae kwenye maelezo ya chini pamoja na kwamba kilithibitishwa na nani kwa cheo chake. Usipompata, acha PE kama ilivyo na useme maana mbili zinazowezekana.

Jihadhari pia na Kiswahili chenyewe. Ndugu, waongozaji na hata wauguzi watakwambia mgonjwa ana "maji kwenye mapafu". Maneno hayo yanabeba maji yaliyo ndani ya vifuko vya hewa, ambayo ndiyo maradhi ya mwinuko, na maji yaliyo nje kwenye utando. Daktari wa kule anazihesabu hizo kuwa hali mbili zenye tiba mbili. Usitafsiri kutoka kwenye maelezo ya mdomo wakati ripoti iko mezani.

Ripoti yenyewe inasema mapafu yote mawili yana mabaka ya weupe, zaidi eneo la kati upande wa kulia. Inasema picha inaendana na maji ya mwinuko, na kwamba nimonia haiwezi kuondolewa. Hayo ni madaraja mawili ya uhakika, na kila moja lina neno lake kwenye lugha ya madaktari wa Ujerumani. Jiwekee ngazi yako na uifuate kwenye waraka mzima: kipo, kinaelekea kuwepo, picha inaendana nacho, hakiwezi kuondolewa, hakionekani, hakipo. Hasa hizo mbili za mwisho zitenganishe. "Hakionekani" ni kauli kuhusu picha, "hakipo" ni kauli kuhusu mgonjwa.

Herufi AP zilizo juu ya ripoti nazo hazikuwekwa kwa ajili ya urembo. Zinasema mionzi iliingia kwa mbele na kutokea mgongoni, kama inavyofanyika mgonjwa asipoweza kusimama. Kwa njia hiyo moyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Daktari wa mionzi amesema ukubwa wa moyo hauwezi kupimwa vizuri. Ukiacha AP nje ya tafsiri, sentensi hiyo inabaki haina sababu, na atakayeangalia picha atadhani moyo umevimba.

Hatua ya nane: kagua kwa sauti, halafu kabidhi

Mtafute mtu wa pili, hata asiyejua Kijerumani, maana tarakimu hazihitaji lugha. Yeye ashike karatasi ya asili, wewe usome tafsiri yako kwa sauti: namba, yuniti, kiwango, herufi ya H au L. Mkimaliza maabara, rudieni ripoti ya mionzi kwa mambo mawili tu: kila palipo na kulia au kushoto, na kila palipo na ukanushi. Macho yaliyochoka huruka neno dogo la kukanusha kuliko neno lolote lingine, na kulia ikigeuka kushoto hakuna kitu ndani ya sentensi kitakachokushtua.

Unapokabidhi, weka nakala ya karatasi za asili nyuma ya tafsiri, kurasa zikiwa na namba zinazolingana, ili daktari akitilia shaka mstari aupate bila kukuuliza. Maneno usiyoweza kuyasoma yaandike kwamba hayasomeki. Mihuri na saini zitaje.

Mwisho angalia kama ripoti ya mionzi ni ya awali au ya mwisho. Usiku mara nyingi picha husomwa na daktari wa zamu, na daktari wa mionzi huisoma tena kesho yake na kusaini, pengine kwa maneno tofauti. Ikiwa mgonjwa aliondoka na ile ya awali, andika hivyo juu ya ukurasa, kisha mwambie aombe ya mwisho itumwe. Ikifika, itafsiri nzima upya kwa tarehe mpya, hata kama kilichobadilika ni sentensi moja, na utaje kwamba inachukua nafasi ya ile ya kwanza.